Mashine Inaposema Huduma za Mtandaoni Hazipatikani, Kosa Liko Wapi?

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 8 Februari 2025, kwa saa za Afrika Mashariki, mtandao wa PlayStation ulizimika karibu dunia nzima. Aliyewasha PS5 yake asubuhi hiyo, awe Temeke, Nakuru au Manchester, aliambiwa kitu kilekile: huduma haipatikani, jaribu tena baadaye. Duka halikufunguka, orodha ya marafiki ilikuwa tupu, na mechi za mtandaoni hazikuanza. Hali hiyo ilidumu kwa takriban saa 24. Huduma iliporudi, kampuni ya Sony ilisema kulikuwa na hitilafu ya uendeshaji, bila maelezo zaidi, ikawaongezea siku 5 wale wote wanaolipia PlayStation Plus.

Katika saa zile 24 watu wengi walihangaika na vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote. Walizima na kuwasha ruta, wakanunua kifurushi kipya wakidhani cha zamani kimeisha, wakabadilisha nywila, na wengine wakafuta kila kitu kwenye mashine ili waanze upya. Huyo wa mwisho ndiye aliyeumia zaidi. Mashine iliyofutwa inahitaji kuingia upya kwenye akaunti kabla haijakurudishia gemu ulizonunua mtandaoni, na kuingia kwenye akaunti ndiko hasa kulikokuwa kumekufa.

Ujumbe wenyewe ndio chanzo cha hangaiko hili, kwa sababu mashine hutoa maneno yanayofanana kwa makosa yaliyo mbali sana moja na jingine. Inachojua ni kwamba imeomba kitu na jibu halikuja. Jibu linaweza kukwama sebuleni kwako, kwenye mnara wa kampuni ya simu, chini ya bahari, au kwenye seva za Sony zenyewe, na kutoka pale ilipo mashine, yote hayo ni ukimya uleule. Kazi ya mwenye mashine ni kutafuta ukimya huo unaanzia wapi. Nitazungumzia PlayStation kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi majumbani na kwenye vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, lakini njia ni hiyohiyo kwa Xbox na Nintendo Switch.

Anza na kipimo ambacho mashine inacho tayari. Kwenye PS5 fungua Settings, kisha Network, kisha Connection Status, halafu uchague Test Internet Connection. Kwenye PS4 kipo moja kwa moja ndani ya Network. Kipimo huchukua muda mfupi na hutoa majibu mstari kwa mstari. Wengi hutazama mwishoni tu, kwenye kasi, wakayaacha ya juu, ilhali mpangilio wa mistari ile ndio wenye habari. Kila mstari ni hatua moja mbele kutoka nyumbani kwako kwenda kwa Sony, na hatua haiwezi kufaulu kama iliyotangulia imeshindwa.

Mstari wa kwanza ni wa anwani ya IP. Hapa mashine inaiuliza ruta yako, au simu yako kama unatumia hotspoti, ipewe namba ya kutambulika ndani ya nyumba. Ikishindwa hapa, tatizo halijatoka nje ya chumba: nywila ya waifai si sahihi, ruta imeganda, au vifaa vimezidi idadi ambayo simu inaruhusu kwenye hotspoti. Wenye PS4 ya toleo la kwanza wakumbuke pia kwamba ile inapokea waifai ya masafa ya 2.4 GHz pekee. Simu mpya ikirusha hotspoti kwa 5 GHz, PS4 hiyo haitaiona kabisa hata ukiisogeza karibu kiasi gani.

Mstari wa pili ni Internet Connection. Sasa mashine imetoka nje ya nyumba na imejaribu kufika kwenye intaneti. Ikishindwa hapa, wa kuulizwa ni kampuni inayokuuzia intaneti, au salio lako.

Mstari wa tatu ni PlayStation Network Sign-In, yaani kuingia kwenye akaunti. Hapa ndipo penye jibu tunalolitafuta. Mistari miwili ya juu ikifaulu na huu ukashindwa, mashine inakuambia kwamba imetoka nyumbani salama, imefika kwenye intaneti, lakini mlangoni kwa Sony haikufunguliwa. Ukiona hivyo, una sababu nzuri ya kuanza kushuku upande wa mtoa huduma. Kushuku tu, kwa sababu kuna mambo matatu au manne yanayoweza kutoa picha hiyohiyo.

Kabla ya hayo nitasema kuhusu kosa moja la upimaji ambalo kwetu limezoeleka mno. Mtu akiambiwa na mashine kwamba hakuna mtandao, hushika simu, akamtumia rafiki ujumbe wa WhatsApp, ukaenda na tiki mbili, akahitimisha: intaneti ipo, basi wabovu ni Sony. Vifurushi vingi vinavyouzwa Afrika Mashariki vina sehemu ya mitandao ya kijamii iliyotengwa na sehemu ya intaneti ya jumla. Sehemu ya jumla ikiisha, WhatsApp na Facebook huendelea kufanya kazi kama kawaida, ila kila kitu kingine kimefungwa. Kwa hiyo jaribu kitu ambacho hakimo kwenye kifurushi cha kijamii. Fungua tovuti ya gazeti ambalo hujawahi kulisoma, ili simu isikuonyeshe kurasa ilizozihifadhi. Na simu hiyo iwe kwenye waifai ileile inayotumiwa na mashine. Simu iliyorudi kwenye data yake yenyewe bila wewe kujua inapima njia nyingine kabisa.

Sasa tuseme tovuti inafunguka vizuri, mistari miwili imefaulu, na wa tatu umegoma. Hatua inayofuata ni kuwauliza Sony wenyewe. Wana ukurasa wa hali ya huduma, unaofunguka hata kwenye simu:

```
status.playstation.com
```

Kabla ya kusoma chochote, chagua nchi. Watu wengi huruka jambo hili. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony inafungulia akaunti rasmi, ndiyo maana akaunti nyingi za huku zimesajiliwa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Unachotakiwa kuangalia ni nchi ya akaunti yako, si ya mahali ulipokaa. Hitilafu zipo zinazogusa eneo moja tu, na mwenye akaunti ya Marekani anayesoma taarifa za Afrika Kusini anaweza kuambiwa kila kitu ni shwari huku yeye amekwama.

Ukurasa ule umegawanya huduma kwa makundi. Kuna usimamizi wa akaunti, kuna michezo na mawasiliano ya wachezaji, kuna duka, na mengineyo. Mgawanyo huu una maana kwa sababu kundi moja linaweza kulala mengine yakiwa macho. Duka likiwa limelala, utashindwa kununua lakini utacheza mechi. Usimamizi wa akaunti ukilala, mambo ni tofauti: ambaye tayari yuko ndani anaweza kuendelea kwa muda, wakati mwenzake aliyetoka anashindwa kurudi. Ndiyo maana nawasihi watu wasijitoe kwenye akaunti kwa nia ya kujaribu kuingia upya. Siku ya mlango kufungwa, aliye ndani asitoke. Ile Jumamosi ya Februari, makundi yote yaliandikwa kuwa na tatizo, na hilo ndilo lililoonyesha mapema kwamba jambo ni zito.

Lakini ukurasa kuwa wa kijani si ushahidi wa mwisho. Taarifa za namna hii huchelewa, kwa sababu kampuni hutaka kwanza kuthibitisha tatizo kabla ya kulitangaza, na katika dakika za mwanzo wateja hujua kabla ya kampuni kusema. Wakati mwingine ukurasa wenyewe umeathirika. Tarehe 28 Februari 2017, huduma ya kuhifadhi data ya Amazon, inayotegemewa na tovuti nyingi sana, ilianguka, na kwa saa kadhaa ukurasa wa Amazon wa kutangaza hitilafu ukaendelea kuonyesha kwamba mambo ni mazuri. Ulikuwa umejengwa juu ya huduma ileile iliyoanguka, kwa hiyo haukuweza kubadilishwa.

Kwa sababu hiyo tafuta shahidi wa pili asiyehusiana na Sony. Downdetector hukusanya malalamiko ya watumiaji na kuyachora kwenye grafu. Usitishwe na kuona malalamiko yapo, maana kila saa wapo watu wachache duniani wenye matatizo yao binafsi. Unachotafuta ni mstari uliopanda ghafla kama ukuta ukilinganisha na saa zilizopita. Angalia pia kama kupanda huko kupo kwenye kurasa za nchi zaidi ya moja. Ukuta kwenye ukurasa wa Marekani, wa Uingereza na wa Afrika Kusini kwa wakati mmoja hauwezi kusababishwa na ruta yako wala mnara wa mtaani kwako. Mwenye ndugu Muscat, London au Toronto anayecheza gemu ana shahidi mzuri kuliko grafu yoyote. Mpigie umuulize kama ameingia, na kama ameingia sasa hivi au alikuwa ndani tangu jana, kwa sababu nilizozieleza.

Mashahidi hawa wakikubaliana, umemaliza. Wasipokubaliana, yaani ukurasa ni wa kijani, grafu imelala, shemeji wa Muscat anacheza, na wewe bado umegomewa kwenye mstari wa tatu, basi kosa liko katikati ya njia au liko kwenye anwani yako.

Katikati ya njia kuna bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini. Nchi za pwani ya mashariki ya Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilibaki na njia finyu ya kwenda nje. Kosa hilo halikuwa la seva za Sony, ila mchezaji wa Dar es Salaam aliyetaka kufika huko alikuta njia imejaa. Siku kama hiyo ina alama zake. Kasi inashuka mno kwenye kipimo cha mashine, kuingia kwenye akaunti kunafaulu mara moja na kushindwa mara mbili, na majirani wanaotumia kampuni nyingine nao wanalalamika. Wakati huohuo baadhi ya video na tovuti zinafunguka vizuri, kwa kuwa nakala zake zimehifadhiwa kwenye seva zilizo humuhumu nchini. Mtu akiona hizo zinafunguka huamua haraka kwamba intaneti yake haina shida. Iliyo nzima ni ya ndani ya nchi, na mashine inataka kuvuka mipaka.

Suala la anwani ni gumu zaidi kulieleza, na huku kwetu lina uzito wake. Kampuni za simu hazina anwani za IP za kumtosha kila mteja, kwa hiyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Sony wakiona kwamba anwani fulani inaleta maombi mengi ya kutiliwa shaka, huifungia kwa muda, na kila aliye nyuma ya anwani hiyo hufungiwa pamoja nayo, awe na kosa au hana. Kwenye PS4 kufungiwa huku kulijulikana kwa namba hii:

```
WS-37397-9
```

Ni vizuri kuzoea kusoma namba za makosa badala ya kuzipita haraka. Zinazoanza na NW kwa kawaida zinahusu muunganisho wako, na zinazoanza na WS zinatoka kwenye mazungumzo na seva za Sony. Sony wana ukurasa wa kutafuta maana ya kila namba, na kuiandika namba nzima kama ilivyo kunakupa jibu lililo wazi kuliko kuandika kwamba PlayStation haiingii.

Kwa suala la anwani na la njia ya katikati, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kubadilisha njia. Kama nyumbani unatumia intaneti ya kampuni moja, washa hotspoti ya simu yenye laini ya kampuni nyingine, unganisha mashine, kisha rudia kipimo. Laini nyingine ya kampuni ileile haitakusaidia sana, maana inaweza kupita njia ileile na kutokea kwenye anwani ileile. Mashine ikiingia kwa kampuni ya pili, Sony hawana kosa na akaunti yako haina kosa. Zungumza na kampuni ya kwanza, au zima ruta kwa muda na kuiwasha, kwani mara nyingi utapewa anwani tofauti. Ikigoma kwa kampuni zote mbili, na grafu bado imelala, tazama barua pepe ya akaunti yako, kwa kuwa Sony wakisimamisha akaunti huandika.

Ila kabla ya kuiunganisha mashine na simu, zima upakuaji wa otomatiki kwenye mipangilio. Kuingia kwenye akaunti kunatumia data kidogo sana. Lakini mashine iliyoshindwa kufika mtandaoni tangu asubuhi itakuwa na masasisho inayoyasubiri, na gemu moja la siku hizi linaweza kudai makumi ya gigabaiti. Kifurushi cha simu kitakwisha kabla hujamaliza kusoma matokeo ya kipimo.

Ipo hali nyingine inayowachanganya hata wazoefu: mistari yote mitatu imefaulu, marafiki wanaonekana, duka linafunguka, lakini ukifungua gemu unaambiwa seva hazipatikani. Hapo Sony amemaliza kazi yake. Gemu nyingi zina seva za watengenezaji wake, na mashine ikishakuingiza kwa Sony, gemu lenyewe huenda kubisha mlango wa pili. EA Sports FC hubisha kwa EA, na Fortnite kwa Epic Games, wenye ukurasa wao wa status.epicgames.com. Njia ya haraka ya kuhakiki ni kufungua gemu jingine la mtandaoni kutoka kampuni tofauti. Likicheza, umemjua mwenye kosa. Mwenye kibanda cha gemu chenye mashine nne ana nafasi nzuri zaidi: mashine zote zikigoma kwenye FC na zote zikakubali gemu jingine, hana haja ya kugusa waya wowote.

Ukishathibitisha kwamba kosa ni la mtoa huduma, lililobaki kwako ni dogo. Diski hucheza bila mtandao. Gemu ulizonunua kwa kupakua zitafunguka ikiwa mashine yako imewekwa kuwa ndiyo ya nyumbani ya akaunti hiyo. Kwenye PS5 mpangilio huo uko Settings, Users and Accounts, Other, kisha Console Sharing and Offline Play, na akaunti moja inaruhusiwa PS5 moja. Huwezi kutegemea kuubadilisha huduma zikiwa zimelala, kwa hiyo uangalie leo, mashine ikiwa mtandaoni. Wanaotumia mashine moja ya akaunti ya kuazimana ndio wanaokwama zaidi hapa.

Usibadilishe nywila katikati ya hitilafu, na usimjibu yeyote anayekuandikia akidai ni msaada wa PlayStation anayehitaji namba yako ya uthibitisho ili akurudishe mtandaoni. Hitilafu kubwa ni msimu wa kazi kwa matapeli hao, kwa sababu wanajua mamilioni ya watu wamekaa wakisubiri mtu wa kuwasaidia.

Muda wa kusubiri hauna kanuni. Hitilafu nyingi ni za saa chache. Ile ya Aprili 2011 ilichukua siku 23, kwa kuwa wavamizi walikuwa wameingia kwenye mfumo uliokuwa na akaunti zipatazo milioni 77 na Sony wakaamua kuufunga wenyewe mpaka waujenge upya. Huduma ikirejea, hairudi kwa wote kwa dakika moja. Watu wote waliokuwa wakisubiri hubisha kwa pamoja, na unaweza kugomewa tena hata baada ya ukurasa kuwa wa kijani. Mpe nusu saa kabla ya kuanza vipimo upya.

Ukifanikiwa kuingia, mashine inaweza kukuuliza uchague kati ya kumbukumbu mbili za mchezo wako, iliyo kwenye mashine na iliyo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya PlayStation Plus. Swali hilo linakuja kwa sababu uliendelea kucheza bila mtandao na kumbukumbu za mtandaoni zikabaki nyuma. Soma tarehe na saa ya kila moja kabla ya kubonyeza chochote. Mara nyingi iliyo mpya ni ile ya kwenye mashine, na ukichagua ya mtandaoni kwa haraka, mechi zote ulizocheza wakati wa hitilafu zitafutika.